Nimebadilisha renji kwa HART, chumba cha udhibiti kinasoma namba nyingine: nitrimu wapi?

*"Nina transmita ya presha ya nyaya mbili, ya HART, kwenye bomba la maji. Renji yake ilikuwa 0 hadi 600 kPa, nikaagizwa niiweke 0 hadi 250. Mwanzo kifaa cha mkononi kiligoma kabisa kuiona, hadi mwenzangu akaniambia nipachike rezista ya omu 250. Hapo ikaonekana, nikaandika renji mpya, ikakubali. Sasa skrini ya transmita yenyewe inasema 125, na geji ya bombani iko hapo hapo, lakini chumba cha udhibiti wanaona 300 na kengele yao ya presha ya juu, iliyowekwa 220, haikomi kulia. Wanasema nimeiharibu. Kwenye menyu naona* `Sensor Trim` *na* `D/A Trim`. *Nitumie ipi ili namba zilingane? Na ile rezista inafanya nini hasa? Niiache au niitoe?"*

Usitumie hata moja. Ndugu yangu, transmita yako ni nzima, na kazi uliyoagizwa umeifanya sawasawa. Imebaki nusu ya pili ya kazi hiyo, nayo haiko bombani, iko kwenye programu ya chumba cha udhibiti. Wao bado wanaamini kwamba miliampea 20 maana yake ni kPa 600, wakati wewe umeshaiambia transmita kwamba miliampea 20 ni kPa 250.

Tupige hesabu ndogo uone mwenyewe. Transmita hupata mkondo wake kwa kanuni hii:

```
mA = 4 + 16 × (PV − LRV) / (URV − LRV)
```

`PV` ni presha iliyopimwa, `LRV` ni mwanzo wa renji na `URV` ni mwisho wake. Kwako PV ni 125, LRV ni 0, URV ni 250. Hiyo ni nusu ya renji, kwa hiyo transmita inatoa miliampea 12. Miliampea 12 zinafika chumba cha udhibiti, nao wanazisoma kwa skeli yao ya zamani: nusu ya 600 ni 300. Ndiyo namba wanayoiona. Hitilafu ya kweli ya kifaa haiji na hesabu safi namna hii. Unapoona tofauti inayoangukia sawasawa kwenye uwiano wa renji mbili, hapa 600 kwa 250, yaani mara 2.4, anza kwa kuishuku skeli.

Kengele nayo inaeleweka. Imewekwa 220 kwenye skeli ya 600, kwa hiyo inalia mkondo unapofika karibu miliampea 9.9, na kwa transmita yako mpya huo ni mkondo wa presha isiyofika hata kPa 92. Bomba lina 125. Lazima ilie.

Kabla sijafika kwenye marekebisho, niseme la rezista, maana naona ulipewa dawa bila kuambiwa ugonjwa.

Katika lupu yako kuna pawasaplai, kwa kawaida ya volti 24, kuna transmita, na kuna kadi ya kupokea ishara. Vyote vitatu vimeungwa kwa mfuatano, mkondo ni mmoja. Transmita hukaa kama koki: inafungua na kubana mpaka mkondo uwe ule inaotaka. HART, lugha ambayo transmita na kifaa chako cha mkononi huzungumzia, huongeza kitu kidogo juu ya mkondo huo. Transmita inapotaka kusema neno, inautikisa mkondo nusu miliampea juu na nusu miliampea chini, kwa kasi ya mitikisiko 1200 kwa sekunde ikimaanisha moja, na 2200 ikimaanisha sifuri. Kwa kuwa kupanda na kushuka ni sawa, wastani wake ni sifuri. Miliampea 12 zako hubaki 12, na kadi, ambayo kwa kawaida huchuja mitikisiko ya haraka, haina habari kwamba kuna mazungumzo yanaendelea juu ya waya huo huo.

Shida ni kwamba kifaa chako cha mkononi hakisikii mkondo. Umekibana kwenye nyaya mbili kama unavyobana multimita ya volti, na kinachosikia ni volti. Sasa jiulize: volti kwenye terminali za transmita zinatoka wapi? Ni volti za pawasaplai ukitoa zile zinazoangukia kwenye ukinzani wa lupu. Kama lupu haina ukinzani wa maana, volti za transmita ni volti za pawasaplai, na pawasaplai nzuri kazi yake ni kutoruhusu volti zake ziyumbe. Mkondo unatikisika, volti zimetulia tuli. Transmita inaongea, kifaa hakisikii chochote. Upande wa pili ni hivyo hivyo: kifaa kinapojaribu kutikisa volti ili kiulize swali, pawasaplai inakimeza kilio chake.

Ukiweka omu 250 kwenye njia ya mkondo, mtikisiko wa miliampea moja toka chini hadi juu unazaa robo volti kwenye rezista, na robo volti hiyo hiyo inaonekana kwenye terminali za transmita. Hapo ndipo sauti inaposikika. HART inahitaji lupu iwe na walau omu 230 hivi. 250 imezoeleka kwa sababu ina faida ya pili: miliampea 4 zinakuwa volti 1 na miliampea 20 zinakuwa volti 5, jambo ambalo kadi nyingi zimejengwa kulisoma.

Hapo ndipo lilipo jibu la kuiacha au kuitoa. Kadi nyingi zina omu 250 ndani yake tayari, na lupu za aina hiyo hazihitaji rezista ya ziada. Nyingine zina omu 100 au 50, na hizo ndizo zinazokulazimisha uongeze. Huna haja ya kufungua kadi kujua. Lupu ikiwa inafanya kazi, pima volti kwenye terminali mbili za kadi. Kwa miliampea zako 12, ukiona karibu volti 3, kadi ina omu 250. Ukiona volti 1.2, ina omu 100. Ikiwa ni volti 3, basi tatizo lako la mwanzo halikuwa ukinzani. Huenda ulikibana kifaa moja kwa moja kwenye nyaya za pawasaplai, mahali ambapo hakiwezi kusikia kitu hata ufanyeje. Kibane kwenye terminali za transmita au kwenye miguu miwili ya rezista, popote kati ya hapo. Chanya na hasi hazina shida kwa mazungumzo ya HART.

Kuiacha rezista ambayo haihitajiki si jambo la bure. Omu 250 zinakula volti 5 mkondo ukiwa miliampea 20. Mbili zikifuatana zinakula 10. Kama kuna kizuizi cha usalama cha maeneo yenye gesi, nacho chaweza kuwa na omu 300 nyingine, hiyo ni volti 6 zaidi. Kutoka 24 unabakiwa na 8, na transmita nyingi za nyaya mbili zinataka walau volti 10 hadi 12 ili ziishi. Dalili yake inadanganya sana: presha ikiwa chini kila kitu kiko sawa, ikipanda mkondo unagoma kufika 20, unakwama kwenye 17 au 18, au transmita inazima na kuwaka tena. Mtu atabadilisha transmita mbili kabla hajaipima volti. Kwa hiyo, kama umethibitisha kadi ina 250, itoe. Kama haina na mnataka kuendelea kutumia HART, ifunge vizuri kwenye kabati, karibu na kadi, isiwe inaning'inia kwenye sanduku la transmita.

Ila uangalie namna ya kuitoa. Mwaka wangu wa pili kazini nilitoa waya mmoja wa lupu nikapachike rezista, sekunde tano tu, nikidhani nimefanya siri. Mkondo ulianguka hadi sifuri, mfumo ukaamini presha imepotea, pampu mbili zikazimwa na kiwanda kikakaa kimya karibu saa nzima. Tangu siku hiyo, kama terminali za kabati ni za kisu chenye matundu ya kupimia pande zote mbili, naichomeka rezista kwenye matundu hayo kwanza, kisha ndipo nafungua kisu. Mkondo haukatiki hata kidogo, unahama tu kutoka kwenye kisu na kupita kwenye rezista. Kutoa ni kinyume chake: funga kisu kwanza, chomoa baadaye. Kama hakuna terminali za namna hiyo, hakuna ujanja. Waambie waendeshaji, kidhibiti kitolewe kwenye otomatiki kiwekwe kwenye mkono, kinga inayotegemea ishara hiyo ipitishwe pembeni kwa kibali, ndipo uguse waya. Na hata kuandika renji kunahitaji tahadhari hiyo hiyo, maana ulipobonyeza kutuma, mkondo uliruka papo hapo kutoka takriban miliampea 7.3 hadi 12 bila presha kubadilika hata chembe.

Sasa turudi kwenye hizo trimu, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wazuri huharibu transmita nzima.

Ndani ya transmita ya kisasa kuna vituo vitatu. Cha kwanza kinaipima presha na kuigeuza kuwa namba. Hiyo namba ndiyo PV, ndiyo unayoiona kwenye skrini yake, 125. Cha pili kinachukua namba hiyo na kuiuliza: wewe ni asilimia ngapi ya renji? Nusu, kwa hiyo tunataka miliampea 12. Hapa ndipo LRV na URV zinapokaa, na hapa bado hakuna umeme wowote, ni hesabu tu. Cha tatu kinaichukua hiyo "miliampea 12" ya kimawazo na kuifanya kuwa mkondo halisi kwenye waya.

`Sensor Trim` hurekebisha kituo cha kwanza. Unaiambia transmita: presha unayoiona sasa si 125, ni 126, jirekebishe. `D/A Trim` hurekebisha cha tatu: unadhani unatoa miliampea 12, lakini multimita yangu inaona 11.96. Kubadilisha renji hugusa cha pili peke yake. Hata kwenye lugha ya HART ni amri tofauti: renji huandikwa kwa amri namba 35, trimu ya mkondo hutumia namba 45 kwa miliampea 4 na namba 46 kwa miliampea 20. Wewe ulituma 35. Hukugusa upimaji wala mkondo. Ndiyo maana nasema hakuna ulichoharibu.

Tuseme ungenitangulia ukatumia `Sensor Trim` mpaka chumba cha udhibiti kisome 125. Ili wao waone 125 kwenye skeli ya 600, mkondo lazima uwe miliampea 7.33. Ili transmita yenye renji ya 250 itoe 7.33, lazima iamini kwamba presha ni kPa 52. Ungekuwa umeifundisha kuita 125 kwa jina la 52. Chumba cha udhibiti wangepiga makofi, skrini ya bombani ingeonyesha uongo, na presha ikibadilika kidogo tu namba zingeachana tena, kwa sababu ungerekebisha nukta moja peke yake. Transmita nyingi zingekataa marekebisho makubwa kiasi hicho na kukuonya kwamba yamezidi kiwango. Onyo hilo likitokea usilitafutie njia ya kulikwepa. Karibu kila mara linakuambia kwamba umeshika menyu isiyo yako.

Njia ya kujua ni kituo kipi kina kosa ni kusoma namba nne kwa wakati mmoja, presha ikiwa imetulia. Soma presha kwenye geji unayoiamini. Soma PV kwenye kifaa cha mkononi. Soma miliampea ambazo kifaa kinasema transmita inatoa, kisha pima miliampea halisi kwa multimita. Halafu piga simu chumba cha udhibiti uwaulize wanaona ngapi. Geji na PV zikitofautiana, mashaka ni kwenye upimaji. PV ikikubaliana na geji lakini miliampea za kifaa na za multimita zikitofautiana, mashaka ni kwenye kutoa mkondo, au kuna mahali mkondo unavuja, mara nyingi maji ndani ya sanduku la nyaya. Vyote vikikubaliana na chumba cha udhibiti kikabaki peke yake, kosa ni lao. Wewe geji na PV umeshazisoma, zote 125. Imebaki multimita. Nina hakika utaona 12, lakini pima, usinitegemee mimi niliye mbali.

Neno moja juu ya kupima huko. Usikate lupu ili upachike multimita. Transmita nyingi zina terminali ya tatu iliyoandikwa TEST, na multimita ikiwekwa kwenye miliampea kati ya TEST na hasi inasoma mkondo bila kuukata. Au tumia hiyo rezista yako: pima volti juu yake, gawa kwa 250. Volti 3 ni miliampea 12.

Kurekebisha chumba cha udhibiti ni dakika chache kwa mtu mwenye ruhusa ya kuingia kwenye programu: skeli ya ingizo hilo inabadilishwa iwe 0 hadi 250 mahali pote ilipoandikwa. Nasema pote kwa sababu mara nyingi iko sehemu mbili, kwenye PLC, yaani kompyuta inayoendesha mitambo, na kwenye skrini za waendeshaji, na ukibadilisha moja utapata namba ya tatu ambayo haifanani na yoyote. Wakishamaliza, ithibitishe kwa HART yenyewe. Kidhibiti kikiwa kwenye mkono, ingia `Loop Test`, iambie transmita itoe miliampea 4, kisha 12, kisha 20. Wao waone 0, 125 na 250. Jaribio hili linapima njia yote kutoka transmita hadi skrini yao, ila halipimi presha, maana wakati huo transmita haisikilizi bomba kabisa, inatoa ulichoiagiza.

Na hapo kuna mtego. Ukimaliza, toka kwenye `Loop Test` kwa utaratibu wake, usichomoe klipu tu ukaondoka. Ukiondoka hivyo, transmita inaweza kubaki imeshikilia miliampea 12, na chumba cha udhibiti kitaona presha tulivu ya 125, nzuri ajabu, hata bomba likipasuka. Ukitaka uhakika, kabla ya kufunga kifuniko soma tena PV na miliampea, ngoja presha icheze kidogo, uone zote mbili zinacheza pamoja.

Kengele ya 220 itakuwa sawa bila kuguswa, kwa sababu 220 iko ndani ya 250. Lakini waulize swali hili, nalo ni zito kuliko lako: je, kuna kengele ya pili, au kinga ya kuzima pampu, iliyowekwa juu ya 250? Tuseme ipo kwenye 400. Sasa hivi, skeli zikiwa hazilingani, itazima pampu presha ikifika karibu 167. Mkishalinganisha skeli, haitazima kamwe. Transmita yenye renji ya 250, ikifuata NAMUR NE 43, kiwango kinachoweka mipaka ya mkondo wa transmita, hupandisha mkondo hadi miliampea 20.5 na kusimama hapo, yaani kPa 258 hivi. Bomba likiwa na 400, wao wataona 258. Kinga iliyowekwa mahali ambapo ishara haiwezi kufika ni sawa na kinga iliyozimwa, tena imezimwa bila mtu kujua. Aliyekuagiza kubadilisha renji alipaswa kuliangalia hili. Muulize kwa adabu, lakini muulize.

Vilevile, kama kuna kidhibiti cha PID kinachoendesha pampu kwa ishara hii na kinafanya hesabu kwa asilimia ya renji, kimeongezewa nguvu mara 2.4 bila mtu kukigusa. Mtikisiko wa kPa 10 uliokuwa chini ya asilimia 2 sasa ni asilimia 4 kamili. Ukiona pampu inaanza kupanda na kushuka kama inayotafuta kitu, punguza ongezeko la kidhibiti, ligawe kwa 2.4, ndipo uendelee kutafuta sababu nyingine.

Trimu ina siku yake. Trimu ya sifuri ni halali kabisa baada ya kufunga transmita mahali papya, kwa sababu ikilala upande tofauti na ilivyolala kiwandani, uzito wa mafuta yaliyo ndani yake unaisukuma sifuri kidogo. Funga valvu ya kuitenga na bomba, fungua upande wa hewa, hakikisha kweli hakuna presha, ndipo utrimu sifuri. Kosa linalotokea mara nyingi ni kutrimu sifuri valvu ikiwa wazi: transmita inafundishwa kwamba 125 ni sifuri, au inakataa. Trimu ya juu ni habari nyingine. Inataka chombo cha kuzalisha presha kilicho sahihi kuliko transmita yenyewe, mazoea ya wengi ni mara nne, na geji ya bombani haifikii hapo hata kidogo. Transmita imepimwa kiwandani kwa vyombo bora kuliko vya wengi wetu. Ukiitrimu kwa geji ya kawaida unaishusha daraja. Kama mtu alishatrimu vibaya kabla yako, angalia kwenye menyu kama kuna kurudisha trimu ya kiwandani. Nyingi zinayo.

Kuna mambo matatu ambayo nakuomba usiyafanye peke yako. Kama lupu hii iko eneo lenye gesi au mvuke unaolipuka, usibane kifaa chochote ambacho hakijaidhinishwa kwa eneo hilo, wala usiongeze rezista bila mhandisi wa eneo kuangalia hesabu za kizuizi cha usalama. Kama ishara hii inalisha mfumo wa kuzima kwa dharura, kubadilisha renji ni mabadiliko ya mfumo wa usalama na yana karatasi zake na sahihi zake. Na kama multimita itaonyesha mkondo tofauti na ule kifaa kinaosema, zaidi ya sehemu ndogo sana ya miliampea, mlete mtu mwenye vyombo vilivyopimwa aje aone kwa macho, kabla yeyote hajabonyeza `D/A Trim` kuficha unyevu ulioko ndani ya sanduku.

Kwa leo, waombe chumba cha udhibiti wabadilishe 600 kuwa 250, simama pale bombani na simu sikioni, na uwatumie miliampea 4, 12 na 20.